Alama Namba 17: Jinsi wachunguzi wanne walivyomtambua mtu asiyehusika

Asubuhi ya tarehe 11 Machi 2004, mabomu kumi yalilipuka katika treni nne za abiria mjini Madrid, Hispania, yakaua zaidi ya watu 190 na kujeruhi wengine karibu 2,000. Siku hiyo hiyo polisi walilikuta gari dogo la mizigo aina ya Renault Kangoo likiwa limeegeshwa karibu na kituo cha treni cha Alcalá de Henares, na ndani yake mfuko wa plastiki wa rangi ya buluu uliokuwa na viwashio vya baruti. Juu ya mfuko huo mafundi wa polisi walifanikiwa kuibua alama kadhaa za vidole. Moja kati ya hizo ilipewa namba 17, na ndiyo iliyowaingiza wachunguzi wa upande wa pili wa Bahari ya Atlantiki katika kosa ambalo mpaka leo linatajwa kila panapojadiliwa uaminifu wa ushahidi wa vidole mahakamani.

Ili kosa lenyewe lieleweke, ni lazima kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo katika mazungumzo ya kawaida huitwa kwa jina moja. Mtu aliyekwenda kusajili laini ya simu au kuchukua kitambulisho cha taifa anajua jinsi karani anavyomwambia akandamize kidole vizuri juu ya kioo, na akikosea anarudia mpaka picha itoke safi. Hiyo ni alama ya rejea: kidole kizima kimechukuliwa kwa makusudi na kwa mwanga mzuri. Alama inayoachwa mahali pa uhalifu ni jambo jingine kabisa. Ni jasho na mafuta ya ngozi yaliyobaki pale kidole kilipogusa kitu kwa haraka, mara nyingi kwa pembeni, kikateleza au kukandamiza kwa nguvu zisizo sawa, juu ya kitu chenye mikunjo kama mfuko wa plastiki. Humo hukosekana sehemu kubwa ya kidole, na ile iliyobaki huwa imevutwa au imefifia. Nitaiita alama ya tukio. Kazi yote ya mchunguzi ni kuamua iwapo kipande hicho kibovu kimetoka katika kidole fulani kizima, na ugumu wa kazi hiyo hauonekani kabisa kwa mtu anayefikiria kile kioo cha karani.

Tarehe 13 Machi polisi wa Hispania, kupitia Interpol, walituma picha za alama hizo kwa Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI. Mchunguzi wa FBI aliziingiza katika hifadhidata ya shirika hilo, iliyokuwa na alama za makumi ya mamilioni ya watu. Kompyuta katika hatua hii haitamki kwamba imempata mhusika. Inapewa nukta chache ambazo mchunguzi ameziweka kwa mkono juu ya alama ya tukio, inapima mahali zilipo na mwelekeo wake, kisha inatoa orodha ya watu ambao vidole vyao vinafanana zaidi na mpangilio huo. Kwa alama namba 17 orodha ilikuwa na watu 20, na wa nne alikuwa Brandon Mayfield, wakili wa kujitegemea katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, aliyewahi kutumikia jeshi la Marekani.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu mzizi wa kosa umo katika hatua hii inayoonekana kuwa ya kiufundi tu. Kompyuta inayochambua mamilioni ya vidole hutoa vidole vinavyofanana zaidi hata kama mwenye alama hayumo kabisa katika hifadhidata. Kadiri hifadhidata inavyokuwa kubwa, ndivyo wale wa karibu zaidi wanavyofanana zaidi na alama inayotafutwa. Mchunguzi wa miaka ya zamani alilinganisha alama na vidole vya watuhumiwa wawili watatu waliofikiwa kwa njia nyingine za upelelezi, na uwezekano kwamba mmoja wao awe na kidole kinachokaribia kufanana na alama hiyo kwa bahati ulikuwa mdogo sana. Mchunguzi wa mwaka 2004 aliletewa vidole vilivyochaguliwa kwa sababu moja tu, kwamba vinafanana. Ufanano uliotosha kumshawishi yule wa zamani ulipaswa kumtia huyu wahaka.

Njia ambayo wachunguzi wa Marekani walifundishwa ina hatua nne. Kwanza mchunguzi anaichambua alama ya tukio peke yake, akitazama ubora wake na sifa zilizomo. Pili anailinganisha na alama ya rejea, zikiwa ubavu kwa ubavu. Tatu anatoa hukumu: zimetoka katika kidole kimoja, hazikutoka, au haiwezekani kusema. Nne mchunguzi mwingine anahakiki. Sifa zenyewe hutazamwa kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni umbo la jumla la mistari ya ngozi, yaani kama inazunguka, inarudi kama kitanzi au inapanda na kushuka kama upinde. Umbo hilo hushirikiwa na watu wengi mno, hivyo linaweza kumwondoa mtu lakini haliwezi kumtia hatiani. Ngazi ya pili ndiyo moyo wa kazi: ni mahali ambapo mstari unakoma, au unafikia njia panda na kuwa mistari miwili, pamoja na idadi ya mistari iliyopo kati ya nukta moja na nyingine. Ngazi ya tatu ni mambo madogo zaidi kama vitundu vya jasho, ukingo wa mstari na vidoa vidogo vilivyo kati ya mistari.

Wengi hudhani kuna idadi ya nukta iliyowekwa na sheria ambayo ikifikiwa basi mtu ametambuliwa. Ziko nchi zilizoweka idadi hiyo, lakini chama cha kimataifa cha wataalamu wa utambuzi kiliamua mwaka 1973 kwamba hakuna msingi wa kisayansi wa kudai idadi maalumu, na Uingereza iliacha kanuni yake ya nukta 16 mwaka 2001. Hoja yao haikuwa mbaya, kwani nukta saba za nadra katika alama safi zinaweza kuwa na uzito kuliko kumi na mbili za kawaida katika alama chafu. Ila matokeo yake ni kwamba kizingiti kinabaki ndani ya kichwa cha mchunguzi, na hakuna mtu mwingine anayeweza kukiona.

Mchunguzi wa kwanza alipoweka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto cha Mayfield kando ya alama namba 17, aliona nukta zinazopatana kwa namna isiyo ya kawaida. Ufanano huo ulikuwepo kweli. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani, iliyochunguza kisa hiki baadaye, ilikubali kwamba nukta zipatazo kumi zilikaa katika mpangilio unaofanana sana, jambo ambalo ni nadra mno kwa vidole vya watu wawili tofauti. Kosa lilianza baada ya hapo. Akiwa tayari ameona ufanano mkubwa, mchunguzi alirudi katika alama ya tukio na kuitazama upya, akiongozwa na kidole cha Mayfield. Palipokuwa na doa lisiloeleweka, alisoma njia panda, kwa kuwa katika kidole cha Mayfield palikuwa na njia panda. Palipofifia, aliona mstari unaokoma. Hatimaye alihesabu nukta 15. Ripoti ya ukaguzi iliuita mwenendo huu fikra ya kuzunguka: alama ya rejea inatumika kuamua kilichomo katika alama ya tukio, kisha hicho kilichoamuliwa kinatumika kuthibitisha kwamba alama hizo mbili ni moja.

Kila aliyewahi kusoma mwandiko mbaya atalitambua jambo hili. Barua iliyochakaa haisomeki, lakini mtu akikuambia mapema neno lililoandikwa, herufi zinajitokeza zenyewe mbele ya macho yako, na baada ya hapo huwezi tena kuziona kama ulivyoziona mwanzo. Mchunguzi hakudanganya. Aliona alichodai kuona, na hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Kulikuwa na ishara iliyopaswa kumsimamisha. Sehemu ya juu kushoto ya alama namba 17 haikupatana na kidole cha Mayfield hata kidogo. Katika taaluma hii kanuni ni kali: tofauti moja isiyoelezeka inatosha kukataa utambuzi, hata kama nukta zinazopatana ni nyingi. Basi ikatafutwa namna ya kuieleza. Ilisemekana kwamba sehemu ile ilitokana na mguso mwingine, huenda wa kidole kingine au hata wa mtu mwingine, uliowekwa juu ya ule wa kwanza. Miguso ya namna hiyo hutokea kweli, lakini huacha dalili: mistari hukatana, hugongana au huonyesha mpaka pale miguso miwili inapokutana. Wakaguzi waliofuata waliona kwamba mistari ya alama ile ilitiririka bila kukatika kutoka sehemu moja hadi nyingine, hivyo maelezo ya miguso miwili hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Nukta zilizopatana zilihesabiwa kuwa ushahidi, ilhali zilizokataa kupatana zilitafutiwa udhuru.

Vilevile walitegemea ngazi ya tatu, yale mambo madogo ya vitundu na kingo. Katika picha iliyokuzwa ya alama iliyoachwa juu ya plastiki, si rahisi kusema kama kitone ni kitundu cha jasho, chembe ya unga uliotumika kuibua alama, au kasoro ya picha. Sifa za namna hiyo hubadilika sana kati ya mguso mmoja na mwingine hata kwa kidole kile kile. Zilichukuliwa kama nyongeza ya uthibitisho pale zilipoonekana kupatana, na ziliachwa kando pale zilipopingana.

Kisha ikaja hatua ya nne. Alama ilipelekwa kwa mhakiki, mchunguzi mstaafu mwenye uzoefu wa miaka mingi aliyekuwa akifanya kazi kwa mkataba, na baadaye mkuu wa kitengo aliitazama pia. Wote wawili walikubali, na tarehe 19 Machi utambuzi ulitangazwa ndani ya shirika. Kwa mtu wa nje hii inaonekana kama mashahidi watatu. Lakini mhakiki hakupewa alama mbili na kuambiwa atoe maoni yake. Alipewa alama ambayo tayari ilikuwa na jibu, na alijua jibu hilo limetolewa na mwenzake anayemheshimu. Katika maabara ambamo kumpinga mwenzako ni kumtuhumu kwa uzembe, uhakiki wa namna hiyo huelekea kuwa muhuri. Naamini kwamba kosa la mchunguzi wa kwanza lingeweza kumpata yeyote, ila hatua hii ya nne ndiyo iliyolifanya liwe kosa la taasisi.

Baada ya utambuzi, wapelelezi walianza kumchunguza Mayfield mwenyewe. Waligundua kwamba alikuwa amesilimu, mke wake alizaliwa Misri, na aliwahi kumwakilisha, katika kesi ya malezi ya mtoto, mmoja wa watu wa Portland waliohukumiwa kwa kujaribu kwenda kupigana upande wa Taliban. Kwa upande mwingine, hawakupata kumbukumbu yoyote ya safari yake nje ya Marekani kwa miaka mingi, na pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda Oktoba 2003. Jambo hilo halikuwafanya waitilie shaka alama. Lilizaa dhana kwamba huenda alisafiri kwa jina la uongo. Nyumba yake ilipopekuliwa, karatasi zilizoandikwa Kihispania zilitajwa kama kitu cha kutiliwa maanani, nazo zilikuwa kazi za shule za watoto wake. Kuhusu dini, ripoti ya ukaguzi ilikuwa makini: wachunguzi wa alama hawakuijua dini yake walipofikia utambuzi wa kwanza, kwa hiyo haikuwa chanzo chake, lakini baada ya habari hizo kuwafikia huenda zilichangia kuwafanya wasiwe tayari kuirudia kazi yao pale ilipopingwa.

Na ilipingwa mapema. Tarehe 13 Aprili, majuma matatu kabla ya mtu yeyote kukamatwa, polisi wa Hispania walituma taarifa kwamba wamelinganisha alama namba 17 na vidole vya Mayfield na matokeo ni «negativo». Neno hilo halihitaji mkalimani. Hata hivyo, FBI ilielewa, au ilitaka kuelewa, kwamba Wahispania walimaanisha tu kuwa hawajafikia jibu. Tarehe 21 Aprili ilimtuma mchunguzi wake Madrid akiwa na picha kubwa zilizowekewa nukta, ili awaeleze wenzao. FBI ilitoka katika kikao hicho ikiamini kwamba Wahispania wangeitazama upya alama na kwamba pingamizi limekwisha nguvu, wakati Wahispania wenyewe walisema hawakuwahi kuubadili msimamo wao. Kilichokosekana ni kitu rahisi. Wataalamu wa maabara mbili za taifa walipotofautiana juu ya alama moja, hakuna aliyewaomba Wahispania waeleze kwa maandishi tofauti walizoziona, wala aliyemkabidhi kazi hiyo upya mtu asiyejua lolote kuhusu mabishano hayo.

Tarehe 6 Mei 2004 Mayfield alikamatwa, kwa sheria inayoruhusu kumshikilia mtu kama shahidi muhimu bila kumfungulia mashtaka. Hati ya kiapo iliyowasilishwa kwa hakimu ilisema utambuzi ni wa asilimia 100. Mawakili wake waliomba mahakama imteue mtaalamu wa kujitegemea, na akapatikana mtu mwenye sifa kubwa katika fani hii. Tarehe 19 Mei alitoa jibu lake: alama ni ya Mayfield. Huyo alikuwa wa nne, na alikuwa upande wa utetezi. Siku hiyo hiyo habari ilifika kutoka Hispania kwamba alama namba 17 imetambuliwa kuwa ya Ouhnane Daoud, raia wa Algeria. Mayfield aliachiliwa siku iliyofuata, baada ya majuma mawili kizuizini, na tarehe 24 Mei FBI iliufuta utambuzi wake na kumwomba radhi.

Maelezo ya kwanza ya FBI yalilaumu picha za kidijitali zilizotumwa, kwamba ubora wake ulikuwa hafifu. Maelezo hayo yalijibiwa na swali jepesi: kama picha haikufaa, iliwezaje kutoa utambuzi wa asilimia 100? Jopo la wataalamu wa kimataifa lililoitwa na shirika lenyewe liliyaweka kando, likaelekeza lawama kwenye namna wachunguzi walivyofanya kazi na walivyohakikiana. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilitolewa mwaka 2006, na mwishoni mwa mwaka huo serikali ya Marekani ilikubali kumlipa Mayfield dola milioni 2 pamoja na barua rasmi ya kuomba radhi.

Mpaka wakati huo, wataalamu wa alama za vidole walikuwa wakiambia mahakama za Marekani kwamba kiwango cha makosa cha njia yao ni sifuri. Hoja ilijengwa kwa kugawanya: njia yenyewe haikosei, na kosa likitokea ni la mtu aliyeitumia vibaya. Mgawanyo huo haufai kitu. Katika fani ambayo kipimo chenyewe ni jicho na akili ya mchunguzi, hakuna njia inayosimama peke yake ukimwondoa mtu. Vilevile ukweli kwamba vidole vya watu wawili havilingani hausaidii hapa, kwa kuwa hakuna aliyedai kwamba kidole cha Mayfield na cha Daoud ni kimoja. Swali lilikuwa kama kipande kilichovutwa juu ya plastiki kinatosha kuvitofautisha mbele ya macho ya binadamu.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti mkubwa uliopima jambo hilo. Wachunguzi 169 walipewa jozi za alama, kila mmoja takriban mia moja, zilizochaguliwa kutoka katika jumla ya jozi 744 ambazo majibu yake yalijulikana. Jozi zisizolingana zilitafutwa kwa makusudi katika hifadhidata kubwa ili zifanane, jambo linalouongezea utafiti huo heshima. Kosa la kumtambua asiyehusika lilitokea kwa asilimia 0.1, yaani makosa sita yaliyofanywa na wachunguzi watano. Kosa la kinyume chake, la kumwondoa mtu ambaye kweli ndiye mwenye alama, lilitokea kwa asilimia 7.5, na asilimia 85 ya wachunguzi walilifanya angalau mara moja. Hili la pili huzungumzwa kidogo mno. Mwenye hatia anayeondolewa kimakosa hakati rufaa, na mtuhumiwa ambaye angeokolewa iwapo alama ingeonyesha mtu mwingine hawezi kujua kwamba jibu lilipotea mezani.

Kwangu mimi jambo lenye uzito kuliko asilimia zote ni hili: katika makosa yale sita, hakuna jozi hata moja ambayo wachunguzi wawili waliikosea kwa pamoja. Kila kosa lilikuwa la mtu mmoja, na mwingine aliyepewa jozi ile ile, bila kujua mwenzake amesema nini, hakulirudia. Kwa maneno mengine, uhakiki wa mtu asiyejua jibu ungeyanasa yote. Sasa ulinganishe na Mayfield, ambako wanne walikosea alama moja kwa mfululizo. Huwezi kuieleza tofauti hiyo kwa bahati peke yake. Ufanano wa vidole hivyo viwili ulikuwa wa nadra, ni kweli, lakini kila aliyefuata alijua wa kwanza amesema nini.

Mtafiti Itiel Dror na wenzake walilijaribu hilo kwa njia ya moja kwa moja, na majibu yao yalichapishwa mwaka 2006. Waliwachukua wachunguzi watano wazoefu, wakawaletea jozi za alama ambazo wao wenyewe, miaka kadhaa nyuma, walikuwa wamezitambua kuwa za mtu mmoja katika kazi zao za kawaida. Hawakuambiwa hivyo. Waliambiwa kwamba hii ni ile jozi ambayo FBI ilimkosea Mayfield, kisha wakaombwa watoe maoni yao bila kujali habari hiyo. Mmoja alibaki na jibu lake la zamani. Mmoja alisema haiwezekani kuamua, na watatu walisema alama hazilingani. Watano ni wachache, na jaribio dogo namna hii haliwezi kutupa kiwango chochote cha makosa. Linaonyesha tu kwamba jibu la mchunguzi kwa alama ile ile linaweza kugeuzwa na maneno aliyoambiwa kabla hajatazama.

Ndiyo maana asilimia 0.1 haifai kubebwa mzimamzima hadi mahakamani. Wachunguzi wa utafiti ule walijitolea, walijua wanapimwa, na hakuna aliyewaambia kwamba aliyeko upande wa pili ni mtuhumiwa wa mauaji ya halaiki. Utafiti mwingine, uliofanywa na polisi wa Miami-Dade na kukamilika mwaka 2014, ulipata kiwango kikubwa zaidi. Baraza la washauri wa sayansi wa rais wa Marekani lilipozipima tafiti hizo mbili mwaka 2016, liliona kwamba kiwango halisi cha kumtambua asiyehusika kinaweza kufikia mara 1 katika 306 kwa ule wa kwanza, na mara 1 katika 18 kwa ule wa Miami. Wachunguzi wengi waliipinga hesabu hii ya pili, wakisema sehemu kubwa ya makosa ya Miami yalikuwa ya kuandika jibu mahali pasipo pake kwenye fomu. Pingamizi hilo lina uzito wake, ingawa mtu anayefungwa kwa sababu fomu ilijazwa vibaya amefungwa vilevile. Baraza halikusema alama za vidole hazifai. Lilisema njia ina msingi wa kisayansi, lakini makosa yake ni makubwa kuliko wazee wa baraza la mahakama wanavyodhani, na wanapaswa kuambiwa hivyo.

Mabishano mengine yanahusu jibu la tatu, lile la «haiwezekani kusema». Wengine hulihesabu kuwa si kosa kamwe, na kwa hesabu yao mchunguzi anayekimbilia jibu hilo kila alama inapokuwa ngumu ataonekana hakosei. Wengine wanataka lihesabiwe kuwa kosa pale ambapo alama ilitosha kutoa jibu. Sioni kwamba upande wowote umeshinda, kwa kuwa hakuna kipimo kilichokubaliwa cha kusema alama fulani ilitosha, na hapo tunarudi kwenye kile kizingiti kilichomo ndani ya kichwa cha mchunguzi.

FBI ilibadili kazi yake baada ya kisa hiki. Mchunguzi sasa anatakiwa kuziweka nukta za alama ya tukio na kuziandika kabla hajaiona alama ya rejea, na akiongeza au kuondoa nukta baadaye, badiliko hilo linabaki katika kumbukumbu. Katika baadhi ya kesi, hasa pale utambuzi unapotegemea alama moja tu, mhakiki hapewi jibu la mwenzake. Miongozo iliyotolewa na Wizara ya Sheria mwaka 2018 inawakataza wataalamu wake kudai uhakika wa asilimia 100 au kiwango cha makosa cha sifuri. Kanuni ya kuandika kwanza ilihitajika kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wachunguzi kabla na baada ya kuiona alama ya rejea, ukakuta kwamba sehemu kubwa ya waliofikia utambuzi walikuwa wamebadili nukta zao. Mara nyingi badiliko la namna hiyo ni halali, kwani jicho hufunguka linapolinganisha. Lakini nukta iliyozaliwa baada ya mtuhumiwa kuonekana haipaswi kuwa na uzito sawa na ile iliyokuwepo kabla.

Kwa hiyo wakili anayekabiliwa na ushahidi wa namna hii hana haja ya kubishana na mtaalamu kuhusu miaka yake kazini. Aombe karatasi mbili: picha ya alama ya tukio jinsi ilivyowekewa nukta kabla ya ulinganisho, ikiwa na tarehe na saa, na ile ya baada yake. Aulize nukta zipi ziliongezwa na zipi ziliondolewa, mtuhumiwa alipatikana kwa upelelezi au kwa orodha ya kompyuta, mhakiki alijua nini alipoketi, na kama kuna sehemu yoyote ya alama iliyotafutiwa maelezo ili isihesabike kuwa tofauti. Kwa alama namba 17, karatasi ya kwanza isingeonyesha nukta 15, na kona ya juu kushoto ingekuwa pale pale, ikiwa na mistari yake inayotiririka bila kukatika.